Nimshukuruje mwalimu wangu wa uokaji?

Swali: Nimefaulu mtihani wa pai. Nimwandikie nini mwalimu wangu zaidi ya "asante"?

Jibu: Mtajie somo moja lililokuokoa siku ile. Kwa mfano:

"Shikamoo Mwalimu. Nimefaulu! Chumba kilikuwa na joto, siagi ikaanza kulainika nikisukuma donge. Nikakumbuka maneno yako, nikalifunika na kulirudisha kwenye friji dakika 30. Pai ikatoka na tabaka zinazomeguka. Asante sana. Mwanafunzi wako."

Akisoma hivyo, atajua umeelewa sababu. Siagi ikiyeyuka mapema hunywewa na unga, na pai huwa ngumu. Ikibaki baridi huyeyukia ndani ya oveni, na mvuke wa maji yake huinua tabaka.