Slaidi za Biashara: Ziwekwe Mtandaoni au Ndani ya Kompyuta?

Kampuni zinazotayarisha slaidi za bei na mauzo zina njia mbili: programu iliyowekwa ndani ya kompyuta, kama PowerPoint, au ile inayofunguliwa kwa kivinjari, kama Google Slides. Kwa kazi ya watu wengi, hii ya pili ina nafuu. Karani aliyeko ghalani na meneja aliyeko ofisini huandika katika faili moja kwa wakati mmoja, bila kutumiana nakala.

Hasara huonekana siku ya mkutano. Chukulia ofisa mauzo anayenakili faili la `.gslides` kwenye flashi, kisha anakwenda nalo katika ukumbi usio na intaneti. Faili hilo ni kiungo tu. Slaidi zenyewe zimebaki mtandaoni. Dalili yake ni ukubwa: halizidi KB chache, hata kama slaidi ni 30.

Dawa ni kupakua nakala mapema kwa `File > Download > Microsoft PowerPoint (.pptx)`, na kuifungua kwenye kompyuta itakayotumika, intaneti ikiwa imezimwa. Kompyuta hiyo ikikosa aina ya herufi iliyotumika, PowerPoint huweka nyingine, na mistari ya jedwali la bei huweza kuvurugika. Wanaotumia Arial hupata usumbufu mdogo.

Hivyo, rasimu iandikwe mtandaoni, na nakala ya mwisho ibebwe kwenye flashi. Bei ikirekebishwa ukumbini, irekebishwe pia mtandaoni, kwani nakala hizo mbili hazifuatani tena.