Maelezo ya Picha ya Matembezi ya Jumapili: Tuandike Tulichokiishi

Jumapili moja tulifanya kosa dogo la maneno ambalo lilimuumiza mwenzetu. Kosa hilo ndilo lililotufundisha somo hili, basi tuanzie hapo.

Sisi ni mafrateri wanne tunaosoma falsafa. Kila Jumapili saa kumi jioni tunatembea kwa miguu, tunateremka katikati ya migomba na mibuni hadi darajani. Hapo yupo bibi mmoja anayechoma mahindi kwenye jiko la mkaa. Tunakula, tunabishana, kisha tunapanda kilima kwa haraka tusije tukachelewa kengele. Siku hiyo ndiyo tunayoruhusiwa kuwa na simu, kwa hiyo mara nyingi tunapiga picha.

Jumapili hiyo tulikuwa watatu. Wa nne alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani kumuuguza mama yake. Tulipiga picha, tukaiweka kwenye status ya WhatsApp na maneno haya: “Marafiki wa kweli ni hazina. Kundi zima limekamilika. Nyakati zisizo na bei!” Baada ya dakika chache mwenzetu alijibu kutoka wodini: “Hongereni kwa kukamilika.”

Hatukuwa na nia mbaya, wala hatukumsahau. Tulichokosa ni kuitazama picha yetu wenyewe. Tuliokota maneno ambayo huandikwa chini ya picha yoyote ya marafiki, nayo yakasema uongo kwa niaba yetu.

Hapa ndipo tulipopata kipimo cha kwanza. Chukua maelezo uliyoandika, uyaweke kwa mawazo chini ya picha ya watu wengine kabisa, tuseme ya harusi au ya timu ya mpira. Yakikaa vizuri huko pia, hayahusu picha yako. “Marafiki wa kweli ni hazina” yanakaa popote. Ndiyo maana msomaji huyaona kama maigizo hata kama aliyeandika anampenda rafiki yake kwa dhati. Upendo wenyewe unaweza kuwa wa kweli kabisa, lakini maneno yakawa ya kuazima.

Tulikaa chini ya mti tukaanza upya. Kwanza tuliorodhesha vitu vinavyoonekana kwenye picha: watu watatu, viatu vyenye vumbi, jiko, moshi, mahindi manne. Kisha tuliorodhesha vile ambavyo picha haiwezi kuvionyesha: kwamba huja kila wiki, kwamba mmoja hayupo, kwamba bibi alichoma mahindi manne kabla hatujaagiza kwa sababu amezoea kutuona wanne. Orodha ya pili ndiyo yenye kazi. Anayetazama picha anaona moshi mwenyewe, hana haja ya kuambiwa. Asichokiona ni kwa nini mahindi ni manne na watu ni watatu.

Lugha yetu inatusaidia sana katika jambo hili. Kiswahili kina kiambishi *hu-* kwa tendo la mazoea, na *-li-* kwa tendo lililopita. Tukisema “sisi hushuka darajani”, msomaji anajua kwamba ni desturi bila sisi kuandika “utamaduni wetu mzuri wa kila wiki”. Tukisema “leo bibi alichoma”, anajua kwamba ni tendo la siku hiyo. Maelezo ya picha ya desturi yanahitaji vyote viwili. Yakiwa na *hu-* peke yake, yanakuwa kama tangazo la ratiba. Yakiwa na *-li-* peke yake, yanakuwa habari ya siku moja, na desturi yenyewe inapotea. Utamu uko pale viwili vinapokutana, yaani kilicho kilekile kila wiki na kilichobadilika wiki hii.

Basi tuliandika hivi: “Kila Jumapili sisi wanne hushuka darajani kula mahindi. Leo tulikuwa watatu, lakini bibi alichoma manne kwa mazoea.”

Sentensi mbili, herufi 115 tukihesabu na nafasi. Hakuna neno “hazina”, wala “upendo”, wala “baraka”. Hata hivyo, asiyetujua anaelewa kwamba kuna mtu anayekosekana, na kwamba pengo lake limeonekana hadi kwa bibi wa mahindi. Ufupi nao una sababu. Instagram inaruhusu maelezo ya hadi herufi 2,200, lakini kwenye simu huonyesha mwanzo tu na kuficha mengine mpaka msomaji abonyeze. Jambo lenye uzito likiwekwa mwishoni, wengi hawatalifikia.

Kuna makosa mengine matatu ambayo tumeyafanya kwa zamu. La kwanza ni kudai kwamba picha haikupangwa. Kama tulijipanga mstari mmoja na simu tukaiegemeza juu ya jiwe, tusiandike “tulinaswa bila kujua”. Afadhali tuseme ukweli: “Simu ilianguka mara mbili kabla ya picha hii.” Picha ya kujipanga haina aibu. Aibu ni kukana.

La pili ni utani wa ndani. Neno linalowachekesha wanne peke yao huwafanya wasomaji wengine wajione wamefungiwa mlango. Ukitaka kulitumia, lipe maneno matatu au manne ya kulieleza. Likihitaji zaidi ya hapo, liache libaki kwenye matembezi.

La tatu ni kumtaja mwenzako bila ridhaa yake. Sisi tungeweza kuandika kwamba mama wa mwenzetu amelazwa. Ni kweli, na ingewagusa wasomaji, lakini habari hiyo ni yake. “Tulikuwa watatu” ilitosha.

Kipimo cha mwisho ni kuwasomea kwa sauti wale waliokuwapo kabla ya kuchapisha. Wakitikisa kichwa na kuongeza jambo, kama vile “na lile la nne tuligawana”, umegusa kitu cha kweli. Wakinyamaza au wakisema tu “nzuri”, rudi kwenye orodha ya pili.

Kwenye darasa la maadili tulisoma kwamba Aristotle, katika kitabu cha nane cha Etika ya Nikomako, anakumbusha methali ya watu wa zamani: watu hawawezi kujuana kabla ya kula chumvi pamoja. Anaitaja akieleza kwamba urafiki wa kweli unahitaji muda na mazoea. Nasi kwetu anayeitwa mla chumvi nyingi ni aliyeishi miaka mingi. Chumvi huliwa kidogo kidogo, kwa hiyo kuimaliza nyingi pamoja kunahitaji milo mingi. Desturi ya kila wiki ni milo hiyo. Haina siku moja kubwa ya kutangaza, na maneno makubwa yanaikaa vibaya kama koti la kuazima. Inasemwa vizuri kwa kitu kidogo kilichorudiwa, kama hindi linalochomwa kabla ya kuagizwa.

Jioni ile tulifuta maneno ya kwanza, tukaweka yale mapya kabla ya kurudisha simu. Jibu la mwenzetu lilikuja upesi: “Nawadai hindi moja.” Aliporudi baada ya majuma mawili, alilidai. Tulimlipa, pamoja na chumvi na pilipili yake.