Dondoo muhimu: Kutunga maswali ya duara la ndani na la nje ya pembetatu

Anza na pande, si na duara. Ukichagua nusu kipenyo kwanza, pande hutoka na desimali ndefu zisizokwisha. Mimi hupenda pembetatu ya sm 13, 14 na 15, kwa kuwa eneo lake ni namba nzima.

Majibu yaandike hatua kwa hatua. Nusu ya mzingo ni 42 ÷ 2 = 21. Eneo ni √(21 × 8 × 7 × 6) = √7056 = 84. Duara la ndani hugusa pande zote tatu, hivyo nusu kipenyo chake ni 84 ÷ 21 = sm 4. La nje hupita kwenye ncha tatu, na nusu kipenyo chake ni (13 × 14 × 15) ÷ (4 × 84) = sm 8.125.

Kando ya jibu sahihi, andika majibu potofu unayoyatarajia. Aliyepata 2 amegawanya kwa mzingo mzima. Aliyepata 7.5 amechukua nusu ya upande mrefu, kanuni inayofaa pembetatu mraba pekee. Ndiyo maana 6, 8, 10 haitoshi peke yake: pale kosa hilo hutoa 5, jibu sahihi, nawe hulioni.

Kabla ya kuchapisha, hakiki: nusu kipenyo cha nje hakipungui mara mbili ya cha ndani. Hapa 8.125 imezidi 8 kidogo tu, kwani pande zinakaribia kulingana.