Taazia kwa Mwenzako wa Kazi Aliyefiwa na Mzazi

Mtu aliyeingia katika Uislamu karibuni huwa na wenzake wengi kazini ambao si Waislamu. Siku moja hufika habari kwamba mmoja wao amefiwa na mama yake. Hapo hushika kalamu, kisha akasita: aandike maneno gani yasiyopingana na imani yake, wala yasiyomwumiza mfiwa?

Kielelezo tunacho. Imepokewa katika Hadithi za Bukhari na Muslim, kutoka kwa Usama bin Zaid r.a., kwamba binti mmoja wa Mtume Muhammad s.a.w. alimpelekea baba yake habari kuwa mtoto wake yu katika kukata roho. Mtume s.a.w. alimrudishia salamu na ujumbe mfupi sana: kwamba alichokitwaa Mungu ni chake na alichokitoa ni chake, kwamba kila kitu kina muda wake, na kwamba astahimili akitumaini thawabu. Binti yake alipomsihi afike mwenyewe, alikwenda. Akaletewa mtoto, na machozi yakamtoka. Saad bin Ubada r.a. alipostaajabia machozi yale, aliambiwa kuwa hiyo ni rehema ambayo Mungu huitia katika nyoyo za waja wake.

Twajifunza hapa kwamba maneno machache yatosha, na kwamba kumwambia mfiwa asilie si katika mwendo wa Mtume s.a.w. Lakini angalia pia kuwa aliyeandikiwa alikuwa binti yake, mwenye imani moja naye. Kwa asiye wa imani yako, chagua lile ambalo nyote wawili mwalikubali.

Tuchukue mfano. Mwalimu Mwislamu wa Dar es Salaam ana mwalimu mwenzake, Mkristo wa Kilimanjaro, ambaye amefiwa na mama yake na amesafiri kwenda kumzika katika kihamba cha ukoo. Mwislamu yule aandika kurasa mbili. Auliza ni maradhi gani yaliyomwua mama, asema kwamba hata hivyo alikwisha kuwa mzee, aeleza mafundisho ya Uislamu juu ya maisha ya baadaye, amaliza kwa kusema, “Ukihitaji lolote, nijulishe.”

Nia yake ni njema, lakini barua yaelemea. Swali la maradhi lamlazimisha mfiwa kusimulia upya yale yanayomchoma. Umri wa mama haupunguzi uchungu wa mtoto. Mafundisho ya dini, hata yakiwa ya kweli, yakiletwa wakati huu humfanya mfiwa adhani kwamba msiba wake umegeuzwa kuwa nafasi ya mahubiri. Na ahadi ya “lolote” yamtwika mfiwa kazi ya kufikiri aombe nini.

Barua hiyo yaweza kuandikwa hivi:

“Mwalimu mwenzangu mpendwa,
Nimepokea kwa huzuni habari ya kufariki kwa Mama. Pole sana wewe, Baba na ndugu zako wote. Nakumbuka jinsi ulivyokuwa ukimtaja kila ulipotoka likizo. Mwenyezi Mungu awape subira. Vipindi vyako vya darasa la sita navifundisha mimi mpaka utakaporudi. Usiwe na wasiwasi. Usijisumbue kunijibu.”

Ameandika “Mama” tu, kama desturi yetu ilivyo, kwani mama wa mwenzako ni mama yako. Ameandika “kufariki”, neno lenye asili ya kuachana, wala hakutumia “kufa”, ambalo katika barua ya namna hii ni kavu. Kumbukumbu ni moja, na ni ya kweli. Kama hukumjua marehemu, usimsifu kwa kubuni. Dua imewaelekea walio hai, na dua ya subira haimchukizi Mkristo wala Mwislamu. Msaada umetajwa kwa jina, tena umekwisha anza.

Aliyefiwa akiwa Mwislamu, waweza kuanza kwa Innalillahi na kumwombea marehemu maghufira. Mkristo naye ana sala zake za msiba. Huna haja ya kuziazima ili kuonyesha mapenzi.

Peleka ujumbe mara upatapo habari, kwa barua au kwa simu, hata kama utatoa mkono wa rambirambi baadaye. Ikiwa waweza kufika, fika. Jafar bin Abi Talib r.a. alipouawa katika vita vya Muta, mwaka 629, Mtume s.a.w. aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Mwenzako atakaporudi kazini, mpe mkono, mwambie pole, kisha mwonyeshe daftari la darasa lilipofikia.