Magunia mawili jukwaani: namna ninavyowasomea wafanyakazi matokeo ya mwaka

Mwaka wangu wa kwanza kama mkurugenzi mtendaji wa kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi, nilisimama ghalani mbele ya wafanyakazi nikatangaza kwamba mapato yamepanda kwa asilimia 12. Makofi yakapigwa. Wakati wa maswali, mama mmoja wa meza za kuchambua akainuka na kuuliza kwa adabu zote: "Mkurugenzi, shikamoo. Na mishahara nayo itapanda hiyo kumi na mbili?"

Nilibabaika. Mapato yalikuwa yamepanda kweli, lakini gharama za umeme, dizeli na vipuri zilikuwa zimepanda zaidi, na faida ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimesema neno la kweli likaeleweka kinyume. Tangu siku hiyo hotuba ya matokeo naiandika upya kabisa, wala siichukui tena kutoka kwenye taarifa ya bodi. Hapa naeleza ninavyoifanya. Tarakimu ni za mfano, kwa sababu hesabu za kampuni ni za kampuni, ila namna ya kuzisoma ni ileile.

Bodi yetu hupokea matokeo kwa kadi ya alama, ule utaratibu ambao Robert Kaplan na David Norton waliuandikia makala mwaka 1992. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha peke yake inakuonyesha yaliyokwisha kupita, hivyo uitazame pamoja na mambo mengine matatu: mteja anatuonaje, kazi za ndani zinakwendaje, na watu wanajifunza nini. Kila kipimo kina lengo, matokeo, uzito na rangi. Mwishoni alama zinajumlishwa, tuseme 78 kwa 100.

Hiyo jumla siipeleki ghalani kamwe. Niliwahi kuisema, na fundi mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyosikika hadi mbele: "Sasa hizo ishirini na mbili nani kazikosa?" Alikuwa na haki. Alama 78 inaweza kuwa fedha nzuri na wateja wenye hasira, au kinyume chake, na hakuna mtu kiwandani anayeweza kuamka kesho akafanya kazi ya "78". Kwa hiyo nachukua vipimo vinne tu, kimoja kwa kila upande, na kila kimoja lazima kiwe kitu ambacho mtu aliyeketi pale amekigusa kwa mikono yake.

Fedha naianza na sarafu. Siku hizi sisemi mapato yamepanda au yameshuka kabla sijasema kilichobaki. Nasema hivi: "Katika kila shilingi 100 tulizolipwa na wateja mwaka huu, 38 zimekwenda kwenye mishahara na vibarua. 21 umeme na dizeli. 15 vipuri na matengenezo. 20 magunia, bima, kodi na riba ya benki. Zimebaki 6. Mwaka jana zilibaki 9." Kisha nanyamaza kidogo. Watu wanahesabu kichwani, na wakimaliza wanajua zile 3 zimeingia wapi, maana mwaka jana umeme na dizeli zilikuwa 18. Naongeza sentensi moja kwamba hesabu bado hazijakaguliwa, ili mkaguzi akizigusa nisionekane mwongo. Basi, upande wa fedha unaishia hapo.

Kwa mteja, nilichelewa kuelewa kwamba wastani ni adui. Kadi ilisema kahawa inakaa kwetu wastani wa siku 14 tangu ipimwe kwenye mizani hadi iwe imekobolewa, imepangwa madaraja na kuwa tayari kwa mnada. Lengo lilikuwa siku 14, rangi ikawa kijani. Lakini mavuno ya mlimani yanaanza kidogo kidogo kuanzia Julai na kufurika miezi ya mbele. Loti za Agosti zilitoka kwa siku 6, na za Novemba zilikaa 27. Ukizichanganya unapata kijani ambacho hakuna mkulima wa Kibosho wala Rombo aliyekiona.

Siku hizi nasema kwa makumi: "Katika kila loti 10 zilizoingia Agosti, 9 zilitoka ndani ya wiki mbili. Katika kila loti 10 za Novemba, zilitoka 3." Halafu naeleza kinachofuata nje ya geti letu, kwa sababu si wote wanaokijua. Mkulima anayeuza kupitia chama cha msingi hupata malipo ya awali, na yaliyobaki huyasubiri mpaka kahawa iuzwe na hesabu zifungwe. Kahawa iliyolala kwenye sakafu yetu Novemba ni ada ya shule ya Januari. Nusu ya wanaonisikiliza wana kihamba nyumbani, wao au wazazi wao, kwa hiyo hapo sihitaji kuongeza neno.

Sasa nije kwenye kipimo cha kazi za ndani, ambacho ndicho kilinifundisha zaidi.

Kahawa inatufikia ikiwa bado na ganda lake jembamba la ndani. Tunaliondoa, tunachambua, na kinachobaki ni kahawa safi. Kwa kawaida kilo 100 za kahawa ghafi hutoa karibu kilo 80 za safi. Kwenye kadi tulikuwa tumeandika "uwiano wa kahawa safi: lengo 80.5, matokeo 79.1", rangi nyekundu, na kwa miaka miwili nikawalaumu watu wa mashine. Mzee mmoja wa mashine ya kukoboa ndiye aliyenirekebisha, tena si mbele za watu, alinifuata ofisini. "Mwanangu," akasema, "mimi nakoboa nilicholetewa. Ukiniletea kahawa mbovu, nitaitoa wapi nzuri?"

Ndivyo ilivyo. Uwiano unategemea kwanza kahawa yenyewe. Mbegu nyepesi, zilizoliwa na wadudu au zilizojaa uchafu hutoa kidogo hata mashine ikiwa mpya. Kahawa yenye unyevu mwingi pia inadanganya mizani: ikiingia na unyevu wa asilimia 13 nasi tukaikausha hadi 11, kila kilo 100 zinapungua zaidi kidogo ya kilo 2, na hayo ni maji matupu. Hakuna aliyeiba. Kahawa iliyokaushwa kupita kiasi nayo inavunjika ndani ya mashine na kushusha daraja.

Tukabadilisha kipimo. Kila loti inapopokelewa, maabara hukoboa sampuli ndogo na kuandika inapaswa kutoa kiasi gani ikiwa kwenye unyevu ule tutakaoikobolea. Mashine ikimaliza, tunalinganisha. Kama sampuli ilisema 80.4 na mashine ikatoa 79.1, tofauti ya 1.3 ni yetu wenyewe. Kama sampuli ilisema 79.2, basi mashine imefanya kazi yake, na mazungumzo yahamie kwa mkulima na mitambo yake ya kumenyea. Tahadhari moja: sampuli ikichotwa juu ya gunia moja tu, ulinganisho wote ni bure. Ichotwe kwenye magunia mengi, juu, kati na chini.

Lakini "1.3" haisemi kitu ghalani. Kwa hiyo mwaka uliofuata niliwaomba makuli wapandishe magunia mawili yaliyojaa jukwaani kabla sijaanza, bila kueleza. Nilipofika hapo nikasema: "Loti ya tani 10 imeingia. Sampuli iliahidi kitu, mashine ikatoa pungufu ya kilo 130. Hayo magunia mnayoyaona ni ya kilo 60 kila moja. Mawili hayo, na kilo 10 juu yake, hayakufika kwa mwenyewe. Yako wapi?" Karani wa mizani akajibu kabla yangu: "Yako kwenye rundo la maganda!" Watu wakacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Upepo wa mashine ulikuwa umefunguliwa mno, ukapeperusha mbegu nzuri pamoja na maganda. Ukitaka kujua kama na wewe unapoteza, usisubiri ripoti. Chota maganda kwa ndoo mara kadhaa kwa zamu, yapepete, uhesabu mbegu nzima na vipande. Mbegu nzima zikiwa nyingi, ni upepo. Vipande vikiwa vingi, ni kisu kimebana au kahawa ni kavu mno.

Ona sentensi nilizotumia kwa magunia yale. Nilisema tulichopima, tulichotarajia, tulichopata, kwa nini, na nani atafanya nini: fundi wa zamu atapepeta ndoo ya maganda kila baada ya saa nne na kuandika ubaoni. Kila kipimo nakiandikia hivyo. Kikikosa ile sentensi ya nani, nakitoa kwenye hotuba hata kama bodi wanakipenda.

Upande wa kujifunza hauhitaji maneno mengi. Zamani tulihesabu waliokwenda semina, na idadi ilikuwa nzuri siku zote, kwa kuwa semina ina posho. Siku hizi tunauliza ni vituo vingapi kati ya 9 vyenye watu wawili wanaoweza kuviendesha. Vilikuwa 4, vimekuwa 7. Vile viwili vilivyobaki navitaja kwa jina la kazi, kamwe si kwa jina la mtu. Ajali nazo nazitaja kwa idadi, lakini zikipungua ghafla sishangilii kwanza. Naenda kuangalia kisanduku cha dawa. Bandeji zikiwa zimeisha huku daftari la ajali ni tupu, watu wanaficha.

Kabla ya siku yenyewe, wakuu wa idara wanaziona tarakimu zote wiki moja mapema. Hakuna anayestahili kuusikia wekundu wake kwenye kipaza sauti. Kisha namsomea hotuba nzima mtu mmoja asiye wa ofisini, mara nyingi mlinzi wa geti, na kumwomba anirudishie kwa maneno yake. Mahali anaposema "hapo ulisema mambo ya ufanisi", nafuta na kuandika upya. Tarakimu za kusemwa nazipunguza: "karibu 80" inasikika, ila "sabini na tisa nukta moja tatu" inapotea hewani. Hotuba haizidi dakika 20, na inakuwa asubuhi. Tuliwahi kuifanya alasiri ya masika chini ya paa la bati. Mvua ilipoanza nikaendelea kusoma dakika 10 bila mtu kusikia neno, nao wakaendelea kutikisa vichwa kwa heshima.

Maswali nisiyokuwa na majibu yake nayaandika pale pale mbele yao, na majibu yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya Ijumaa. Swali la mwaka jana lilitoka kwa dereva: "Mkurugenzi, kwenye hivyo vipimo vyote sijatusikia sisi wa magari. Sisi hatupimwi, au hatupo?" Nilifungua kadi, nikaipitia mstari kwa mstari, na kweli hawakuwemo. Mwaka huu kuna mstari unaohesabu saa ambazo lori la chama cha msingi linasubiri getini kabla ya kupimwa, na ni madereva wenyewe waliochagua saa hizo zianze kuhesabiwa pale wanapozima injini.