SOMO LETU: Kumwuliza Mteja Bila Kumtilia Maneno Mdomoni



Kikundi chetu cha akina mama kina kisiagi cha mahindi karibu na kanisa. Tulikinunua kwa mkopo, na mkopo hulipwa na wateja. Ndiyo maana tulishtuka tulipoona foleni inapungua. Tukaandika fomu, tukawapa wateja 40. Swali la kwanza lilikuwa hivi:

"Je, unafurahia huduma nzuri na ya haraka ya kisiagi chetu? Ndiyo / La."

Watu 38 walijibu "Ndiyo". Tulipiga makofi, lakini mwezi uliofuata foleni ikazidi kupungua! Tulipoitazama fomu tena, tuliona kwamba kosa lilikuwa letu.

Makosa matatu katika swali moja

Kwanza, tulimpa mteja jibu kabla hajajibu. Tukishasema huduma ni "nzuri", anayesema "La" ni kama anatugombanisha. Ni nani atamkosea mama wanayesali pamoja Jumapili?

Pili, tuliuliza mambo mawili kwa pamoja. Huduma yaweza kuwa nzuri na isiwe ya haraka. Huyo mteja aweke alama wapi?

Tatu, majibu yalikuwa mawili tu. Mtu asiyeridhika kidogo huchagua "Ndiyo" ili mambo yaishe.

Fomu ya pili

Tulikata karatasi nusu, tukaandika hivi:

Weka alama moja tu kwa kila jambo. Usiandike jina lako.
Unaionaje huduma ya kisiagi hiki katika:
(a) muda wa kungoja
(b) ulaini wa unga
(c) kiasi cha unga unachorudi nacho nyumbani

Mbele ya kila jambo tuliweka visanduku vitano: mbaya sana, mbaya, wastani, nzuri, nzuri sana. Mwisho tuliacha mistari miwili: "Ungetaka tubadilishe nini?"

Angalia ngazi hizo. Kuna mbili upande wa ubaya, mbili upande wa uzuri, na moja katikati. Ukiandika "wastani, nzuri, nzuri sana, bora kabisa", umemfungia mlango mwenye malalamiko. Angalia pia swali (c). Kuna aliyetaka tuandike, "Je, unaibiwa unga?" Hilo nalo linamsukuma mteja, ila upande wa pili. Swali lisisifu wala lisishtaki.

Kabla ya kupiga chapa, jaribu fomu kwa watu watano. Mwulize kila mmoja, "Hapa umeelewa unaulizwa nini?" Sisi tulikuwa tumeandika "ubora wa usagaji", wawili wakadhani tunauliza kuhusu injini. Ndipo tukaandika "ulaini wa unga".

Nani ashike fomu?

Fomu nzuri huharibika mikononi mwa mtu asiyefaa. Mwendesha kisiagi asiigawe, kwa sababu mteja hatamsema akiwa amesimama mbele yake. Tuliomba kijana asiye wa kikundi, na karatasi zikatiwa katika boksi lenye tundu. Kwa wasiosoma, kijana alisoma majibu yote matano kwa sauti ileile, bila kuruka wala kutabasamu kwenye "nzuri sana".

Tulichokipata

Kati ya fomu 40, watu 33 walisema ulaini wa unga ni nzuri au nzuri sana. Muda wa kungoja, 21 walisema mbaya au mbaya sana. Kiasi cha unga, 17 walisema vivyo hivyo. Kama tungejumlisha yote na kutoa wastani mmoja, tungeambiwa "si mbaya" tukalala tena. Hesabu kila jambo peke yake, na uhesabu kwanza wasioridhika.

Basi tuliweka mizani mlangoni, mahindi yapimwe yakiingia na unga upimwe ukitoka. Upungufu kidogo hauepukiki, kwa maana vumbi hupeperuka. Lakini sasa mteja anauona kwa macho yake. Pia tukaanza kufungua mapema.

Jambo moja tusilisahau: fomu ya mlangoni huwasikia waliokuja tu. Aliyehama hayupo kujibu. Kwa hiyo chukueni fomu kumi mwende nazo sokoni, mkawaulize wanaosaga kwingine. Hesabu zao ziwekwe kando, zisichanganywe na za wateja wa sasa.

Zoezi la kikundi

Sahihisheni maswali haya, kisha mseme kila moja lilikosa wapi:
1. Je, hukubali kwamba bei yetu ni nafuu?
2. Wahudumu wetu ni wapole na wasafi kiasi gani?
3. Maziwa yetu ni: mazuri / mazuri sana / matamu ajabu.