Mafuta ya mkalitusi kwa kikohozi cha mtoto

Swali: Mtoto wangu ana miezi 14, anakohoa na koo linamuuma. Bibi yake anataka kumpaka Viksi puani, au mafuta ya mkalitusi. Nikubali? (Mama wa Nyangwe)

Jibu: Hapana, mama. Viksi ni ya mtoto aliyetimiza miaka 2, nayo hupakwa kifuani na shingoni tu, kamwe si puani wala penye mchubuko. Bibi atasema mtoto akipakwa hupumua vizuri. Mentoli huleta hisia ya ubaridi, lakini haizibui pua. Kwa mtoto mdogo inaweza kuzidisha kamasi katika njia ya hewa ambayo tayari ni nyembamba.

Ni kweli, utafiti wa Marekani wa 2010, kwa watoto 138 wa miaka 2 hadi 11, ulionyesha kwamba waliopakwa walilala vizuri zaidi. Lakini karibu nusu yao waliwashwa ngozi, pua au macho. Ngozi ikiwa nyekundu, osha kwa maji na sabuni, usirudie.

Mafuta matupu ya mkalitusi ni makali zaidi: hata kijiko kimoja cha chai kikimezwa kinaweza kuleta degedege au kupoteza fahamu. Yafiche. Kwa kuwa amepita mwaka mmoja, mlambishe asali kidogo. Akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.